Kupachika mkono wa kitenge bila haraka

Ukitaka kujua fundi amefika wapi, usitazame zipu wala pindo. Tazama pale mkono unapokutana na bega. Nimeshona Nairobi miaka mingi, na hapo ndipo bado muda wangu mwingi unapoishia.

Kichwa cha mkono hukatwa kirefu kidogo kuliko tundu linaloupokea, kwa kuwa bega ni la mviringo na linataka nafasi. Ziada hiyo lazima imezwe na mshono isionekane. Sufu huimeza vizuri, maana mvuke wa pasi huifanya inywee. Kitenge ni pamba iliyofumwa kwa kubana, na pasi haikinyweshi hivyo. Ukikilazimisha, kinajikunja begani hata mshono uwe umenyooka.

Kwa hiyo pima kabla ya kushona. Simamisha tepu kwa ukingo wake, uizungushe polepole juu ya mstari wa mshono, si juu ya ukingo wa kitambaa. Hivi karibuni dada mmoja alileta kitenge alichonunua Eastleigh, pamoja na pateni ya koti. Tundu lilikuwa sentimita 44, kichwa cha mkono 49. Ziada ya 5 inafaa sufu; kwa kitenge mimi sipendi ipite 2 na nusu. Nikashusha kilele cha mkono sentimita 1 kwenye karatasi, nikachora upya, nikapima. Bado. Nikashusha 1 nyingine, nikapata 46 na nusu. Mkasi haukuwa umegusa kitambaa.

Kisha piga bandi kwa mkono. Wanafunzi wangu huchukia hatua hii, kwa sababu cherehani ingemaliza kwa dakika chache. Pitisha nyuzi mbili za mishono mirefu kwenye nusu ya juu ya kichwa cha mkono, uzivute taratibu, usambaze ziada kwa vidole. Chini ya kwapa usiweke ziada yoyote. Halafu bandika mkono kwenye tundu kwa bandi na umvalishe mwenye nguo.

Mwambie aache mikono ining'inie, asijikaze kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mikunjo ya mshazari ikitokea mbele, huenda mkono wake unaning'inia mbele zaidi ya pateni. Fumua bandi, sogeza kilele cha mkono mbele kidogo, labda sentimita 1, piga bandi tena. Kwa huyo dada nilifumua mkono wa kulia peke yake; mabega ya watu wengi hayafanani.

Cherehani ndiyo ya mwisho. Laza mkono upande wa chini, juu ya meno, kwa sababu meno huvuta kitambaa cha chini na kusaidia kumeza ziada.

Na kama harusi ni Jumamosi, mteja aje kujaribu bandi Jumatano. Anayekuja Ijumaa jioni mimi humshonea gauni lisilo na mikono.