Kebo ya msambazo wa ghorofa: milimita 16 au 25?

"Mzigo wa ghorofa ni ampea 64 na kebo ya milimita 16 inabeba 99. Kwa nini mkaguzi ameirudisha ripoti yangu?"

Ndugu, kosa halimo kwenye jedwali la mizigo. Kilowati 57 zilizounganishwa, zikipunguzwa hadi 40 kwa kuwa vifaa haviwaki vyote pamoja, kwa volti 400 na pawa fakta ya 0.9, zinatoa kweli ampea 64. Lakini breka uliyoiweka ni ya ampea 80, na kebo hupimwa kwa breka hiyo, kwa sababu ndiyo itakayouruhusu mkondo kupita kabla ya kukata.

Kisha ile 99 ni ya hewa ya nyuzi 30, kebo ikiwa peke yake kwenye trei. Dar es Salaam mimi hukadiria nyuzi 40, yaani kipunguzi cha 0.91 kwa kebo ya XLPE, na kebo tatu zinazogusana huleta kingine cha 0.82. Gawanya 80 kwa vipunguzi hivyo viwili upate takriban 107, ambayo milimita 16 haiifikii. Ya 25 hubeba 131. Kwa mita 60, volti zitakazopotea ni kama 6 tu. Andika dhana hizo waziwazi, maana mkaguzi hawezi kuzibashiri.