Kuacha kazi hakufuti kesi ya cheti feki

"Wakubwa, niko Lamu, nimefanya kazi ya serikali miaka sita na cheti cha fomu foo cha kakangu. Sasa wanahakiki vyeti vya kila mtu. Nikiandika barua ya kuacha kazi kabla hawajafika jina langu, si itaishia hapo?"

Ndugu yangu, usiipeleke hio barua! Mimi niliipeleka, na leo naishi kwa mama mkwe hapa Malindi.

Mimi nilikua na D ya KCSE, kazi inataka C-, nikalipa mtu akanibadilishia gredi. Miaka saba nikala mshahara. Uhakiki ulipokuja nikaandika "naacha kazi kwa sababu za kifamilia", nikachukua na vijihela vyangu vya mwisho, nikarudi nyumbani nikalala usingizi mzuri. Karibu miaka miwili kimya. Alafu nikaitwa na Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, faili langu liko mezani na barua yangu imebandikwa ndani, yani ile barua ndio ikawa ushahidi kua nilijua ninachokimbia.

Watu wanadhani kosa ni karatasi tu. Karatasi ni kosa, kughushi ni hadi miaka mitatu jela, na kuitoa mahali ukijua ni feki ni kosa lengine mbali, kwa hivo ukiitoa ulipoajiriwa ukaitoa tena kwa promosheni, wanaweza kukuhesabia mara mbili. Lakini kilichonimaliza ni mshahara. Sheria ya ufisadi ya 2003 inauchukulia kama mali ya umma uliyoipata kwa udanganyifu. Fungu la 48 ni faini hadi milioni moja, ama jela hadi miaka kumi, ama vyote viwili, na juu yake kuna faini ya lazima, mara mbili ya ulichofaidi.

Sasa piga hesabu na mimi. Nilikua napata 22,000 kwa mwezi, mwaka ni 264,000, miaka saba ni 1,848,000. Mara mbili yake ni 3,696,000. Hio ni faini, na ile 1,848,000 yenyewe bado wanaweza kuidai irudi, kwa kesi ya madai ya peke yake. Nikamwambia hakimu lakini kazi nimefanya, kila siku nilikua naingia saa mbili. Akaniambia kazi ulifanya, nafasi haikua yako. Shamba la marehemu baba limeuzwa na deni halijaisha.

Na aliyeniponza ni broka mmoja, Mungu atamlipa. Wakati wa uhakiki alikuja na maneno matamu, lete elfu kumi na tano nikuletee barua ya Baraza la Mitihani, KNEC, inayothibitisha cheti chako. Mimi zuzu nikatoa, nikaipeleka ofisini kwa mkono wangu. Hakuniambia, na alikua anajua, kua barua ya kweli haipiti kwako, ofisi inauliza KNEC na jibu linarudi ofisini moja kwa moja. Majibu yalipokuja, namba ya mtahiniwa ni yangu, shule ni yangu, gredi ni D, na pembeni iko barua yangu inasema C-. Nikaongezewa shtaka jipya siku ileile. Yeye simu yake haipatikani mpaka leo.

Wewe usijipe moyo kua cheti cha kakako ni cha kweli. KNEC watasema ndio, hio namba ipo na gredi ni hio, lakini ni ya mtu mwengine. Mwaka wa kuzaliwa haulingani, na kakako akiajiriwa popote namba moja ya mtihani inatokea kwa watu wawili. Hapo kuna kujifanya mtu mwengine, na kakako ataulizwa alikupa kwa hiari ama ulimwibia. Amejiandaa kujibu hilo? Mwambie leo, asisikie kwa polisi.

Sisemi ubaki hapo ukila mshahara, kila mwisho wa mwezi ile hesabu inapanda. Nasema usiandike neno, usitie sahihi fomu ya mafao, usimpe mtu yeyote karatasi nyengine hata moja kabla hujakaa na wakili wa jinai, na iwe wiki hii. Umwambie yote, hata la kakako. Yeye ndiye atajua barua iandikweje, na kama kuna njia ya kwenda wenyewe kukiri na kukubaliana kulipa kidogo kidogo kabla kesi haijafika kortini. Mimi wakili nilimtafuta nikiwa tayari nimeshashtakiwa, akasoma ile barua ya kuacha kazi na ile ya broka, akavua miwani, akaniuliza, "Hizi nani alikushauri?"

Hio barua yako umeshaiandika ama bado iko kichwani? Kama iko kwa begi, itoe uiache nyumbani kesho ukienda kazini.