Majina ya utani kwa mapacha wanaofanana

"Mapacha wetu wa miezi mitatu, Apiyo na Adongo, tunawaita Nana na Nina, na nyumba nzima inawachanganya. Tuwaite nani?"

Mama Apiyo, majina hayo mawili yanatofautiana kwa irabu moja tu, ambayo humezwa mtu anapoita kutoka jikoni. Chagueni majina yanayoanza kwa sauti tofauti na yenye irabu tofauti, kwa mfano Piyo kwa kulwa aliyetangulia, na Dani, yaani nyanya kwa Kiluo, kwa Adongo ikiwa amerithi jina la nyanya yake (na ikiwa nyanya mwenyewe haishi nanyi, la sivyo wataitika wawili). Amueni mapema, kwa kuwa watoto wengi huanza kugeukia jina lao karibu na mwezi wa 5 au wa 6.

Msiwaite Mnono na Mwembamba, kwa sababu uzito hubadilika na ulinganisho hubaki. Jina halimsaidii anayeshindwa kuwatofautisha kwa macho, kwa hiyo mpakeni Piyo rangi kwenye ukucha wa kidole gumba cha mguu, nanyi muirudie kabla haijafutika kabisa. Mkiona shangazi anaita yote mawili kwa mkupuo, bado yanafanana mno.