"Udhaifu wako ni upi?" Namna ya kujibu kwa Kiingereza bila kusikika umekariri

"Nina usaili wiki ijayo, wote kwa Kiingereza. Majibu ya nguvu zangu na udhaifu wangu nimeyaandika na kuyakariri, ila rafiki yangu ananiambia nasikika kama nasoma karatasi. Nisipokariri, maneno yananipotea. Nifanyeje?"

Mkuu, mimi kilichonitoa kwenye shida hiyo ni kuacha kuandaa jibu na kuanza kuandaa tukio: jambo moja lililonitokea kazini, ninalolijua kiasi cha kuweza kulisimulia nikianzia popote. Nitaongelea zaidi swali la udhaifu kwa sababu ndilo linaloumbua wengi.

Nilikuwa naomba kazi ya kutunza ghala. Nilikuwa na jibu la sentensi nane nililoliokota mtandaoni na kulipamba, kwamba udhaifu wangu ni kutaka kila kitu kiwe kamilifu mno. Nililikariri wiki nzima, na siku ya usaili nikalitoa lote bila kukwama. Mama mmoja kwenye jopo akaniuliza, kwa Kiingereza chepesi kabisa, ni lini mara ya mwisho tabia hiyo iliniletea shida. Nikanyamaza. Kisha nikafanya jambo baya zaidi ya kunyamaza: nikarudia sentensi ya kwanza ya jibu langu, neno kwa neno. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, wakahamia swali jingine. Kazi sikuipata.

Miaka ilivyokwenda nikaanza kuitwa nikae kwenye jopo pale nilipoajiriwa, ndipo nikaelewa yule mama alisikia nini. Mtu anayefikiri huku anaongea hubadili mwendo. Hupunguza kasi anapotafuta neno, akilipata anaharakisha. Aliyekariri ana mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na hupumua pale tu palipokuwa na nukta kwenye karatasi yake. Ukimkatiza katikati, anarudi mwanzo wa sentensi. Kinachomwangusha kabisa ni kwamba Kiingereza chake kinakuwa cha aina mbili: kwenye jibu ana maneno mazito ya ripoti za ofisi, lakini ukimuuliza jana ulifanya nini kazini, anahangaika. Msaili akishaona pengo hilo, hata mambo ya kweli uliyosema anaanza kuyatilia shaka.

Angalia kuwa sijataja lafudhi wala makosa ya sarufi. Nimewahi kumpa alama nzuri mtu aliyekosea vitenzi mara tano, kwa sababu alikuwa anasimulia kitu alichokiona kwa macho yake na kila tulichomuuliza alikuwa na la kusema.

Sasa tuje kwenye maandalizi. Udhaifu unaouchagua uwe wa kweli, uwe na tukio nyuma yake, na usiwe ndiyo kazi yenyewe. Anayeomba kutunza ghala asiseme hesabu zinamshinda. Vilevile kiwepo kitu ulichokibadilisha baada ya tukio, kwa sababu hilo ndilo wasaili wanalolisubiri. Wa kwangu, nilipokaa na kujiuliza kwa ukweli, haukuwa ukamilifu. Ulikuwa huu: nikikwama sisemi, nahangaika peke yangu.

Tukio lake lilikuwa hili. Mwisho wa mwezi nilihesabu mzigo, kompyuta ikasema katoni 340 na ghalani zilikuwepo 300. Nikatafuta zile 40 siku mbili nzima bila kumwambia mtu, na ripoti ikachelewa. Msimamizi wangu alipoketi nami aliona kosa ndani ya dakika kumi: hati moja ya kupokelea mzigo ilikuwa imeingizwa mara mbili. Tangu siku hiyo nina kanuni ya nusu saa. Nikikwama kwa nusu saa, namwandikia msimamizi nimejaribu nini na nimekwama wapi.

Hilo lote nililiweka kwenye kipande cha karatasi chenye vitu vitano tu: 340 na 300, siku mbili, msimamizi, hati mara mbili, nusu saa. Sikuandika sentensi hata moja. Nikiona "340 na 300" naiona ghala na naziona rafu, na maneno yanakuja yenyewe, leo kwa namna hii na kesho kwa namna nyingine. Ukiandika sentensi kamili, akili yako itazifuata hizo sentensi na kuliacha tukio, na neno moja likikuponyoka zote zinaanguka.

Unasema usipokariri maneno yanakupotea, na nakuamini. Kwa hiyo kuna mambo machache ya lugha ya kuandaa, na ni machache kweli. La kwanza ni vitenzi vya tukio lako katika wakati uliopita. Langu lilihitaji sita: kuhesabu, kukuta, kutafuta, kuchelewa, kumwambia na kugundua. Baadhi yake kwa Kiingereza hubadilika umbo badala ya kuongezwa herufi mwishoni, na hapo ndipo ulimi unapojikwaa. Vitamke mpaka vizoeleke. Kisha kumbuka kwamba tukio ni la wakati uliopita, ila kanuni yako ya sasa ni ya wakati uliopo, kwa kuwa unaifuata hadi leo. Wengi husimulia vyote kwa wakati mmoja, na msaili anashindwa kujua kama tabia imebadilika au la.

La pili linatupata sisi tunaofikiri kwa Kiswahili. Kwetu "yeye" ni mwanamume au mwanamke, na kiambishi "a-" hakibagui. Kiingereza kinabagua, na mtu akiwa na wasiwasi anamwita msimamizi wake mwanamume kwenye sentensi moja na mwanamke kwenye inayofuata. Kwenye tukio lako weka mtu mmoja tu zaidi yako, na umtaje kwa cheo chake kila unapoweza. Mimi nilikuwa nasema "msimamizi wangu" kila mara. Inasikika kawaida kabisa na inakuondolea mtego huo.

La tatu, usiliandike jibu kwa Kiswahili ukalitafsiri. Sentensi zetu hubeba mambo mengi kwa "ambaye", "huku" na "ndipo", na ukizihamisha zilivyo zinakuwa ndefu kuliko pumzi yako. Lisimulie moja kwa moja kwa Kiingereza ulichonacho, sentensi fupi fupi, jambo moja kila sentensi. Neno likikosekana, zunguka. Mimi sikulijua neno la hati ya kupokelea mzigo. Nikasema "karatasi tunayosaini mzigo ukifika". Wote walielewa, na nadhani ilinisaidia, maana hakuna anayekariri maelezo ya namna hiyo.

Kitu kimoja tu ndicho ninachokubali kikaririwe, nacho ni sentensi ya kwanza, ile inayotaja udhaifu. Yangu kwa maana ilikuwa: "Nikikwama, huwa nachelewa kuomba msaada." Fupi, haina pambo. Dakika ya kwanza moyo unadunda, kwa hiyo ni vizuri uwe na pa kukanyaga. Kuanzia sentensi ya pili, shika tukio.

Mazoezi nilifanya kwa simu. Unajirekodi mara tatu kwa siku, na kila mara unaanzia mahali tofauti: mara ya kwanza tangu mwanzo, mara ya pili anza na kosa lilivyopatikana ndipo urudi nyuma, mara ya tatu anza na kanuni ya nusu saa. Kisha sikiliza zote tatu mfululizo. Kama zinafanana maneno zaidi ya ile sentensi ya kwanza, ujue umeshaanza kukariri tena bila kujijua. Hilo lilinipata siku ya tatu. Dawa yake ni kubadili msikilizaji. Msimulie asiyeijua kazi yako, halafu anayeijua. Utalazimika kueleza vitu tofauti, na jibu litalegea lenyewe.

Huyo rafiki yako aliyekwambia unasikika kama unasoma ni hazina, mtumie. Mwambie akukatize katikati ya sentensi kwa swali lolote: kwa nini hukumwambia mtu siku ya kwanza? Msimamizi alisema nini? Ripoti ilichelewa kwa muda gani? Wewe mjibu, kisha uendelee pale ulipoishia bila kurudi mwanzo. Halafu akutake ulisimulie tukio lilelile kwa nusu dakika, kisha kwa dakika mbili. Kwenye usaili wenyewe lenga dakika moja au kidogo zaidi. Wakitaka mengine watauliza, na wakiuliza maana yake wanasikiliza.

Kwenye usaili uliofuata, niliulizwa kama kanuni ya nusu saa haimfanyi msimamizi asumbuliwe kila mara. Swali hilo sikuwa nimeliandaa. Nikanyamaza kidogo, kisha nikasema wiki za mwanzo kweli nilimwandikia mno, hadi akaniomba nikusanye maswali madogo nimpe mara moja jioni, na yale yanayozuia kazi tu ndiyo nimtumie palepale. Kiingereza kilikuwa na makosa. Lakini nilikuwa nakumbuka, sikuwa natunga, na mmoja wao aliitikia kwa kichwa huku akitabasamu.

Kule kunyamaza kusikutishe. Sekunde mbili au tatu kwako ni ndefu, kwa msikilizaji ni mtu anayefikiri. Ubaya ni kuzijaza kwa "eeh" na "yaani". Zoea sentensi moja fupi ya Kiingereza ya kuomba nafasi ya kufikiri, na nyingine ya kuomba swali lirudiwe. Nimeona watu wakijibu swali ambalo halikuulizwa, kwa sababu tu waliona aibu kusema hawajasikia.

Kuhusu nguvu, njia ni ileile. Usitaje sifa tatu mfululizo. Chagua moja na tukio lake, lisiwe lile la udhaifu. Mimi nilisema nina mazoea ya kuhesabu rafu moja kila siku kabla ya kuondoka, nikaeleza siku moja ambapo mazoea hayo yalinionyesha mzigo uliopangwa mahali pasipo pake. Basi.

Njia hii ina mpaka wake: kama bado huwezi kusimulia kwa Kiingereza ulichofanya jana, wiki moja haitakuvusha. Punguza tukio lako liwe sentensi nne: udhaifu, kilichotokea, chanzo, unachofanya sasa. Nne unazozielewa zinakutosha kuliko nane za kuazima.

Kwa hiyo leo chukua karatasi yako, zungushia mahali popote palipo na jambo lililotokea kweli, na hapo ndipo uanzie. Kama hakuna hata mahali pamoja pa namna hiyo, liandike tukio lako hapa kwa Kiswahili, na mimi nitakuuliza yale maswali ya kukatiza.