Barua kwa mwanangu: Imani na maneno yake matano

"Mama, Imani ana miezi 20 na anasema maneno matano tu, mtoto wa jirani wa umri huohuo anaongea hadi watu wanacheka. Wananiambia nikamkate chini ya ulimi. Nifanyeje?"

Mwanangu, ulimi wa mtoto usiuguse kwanza. Kale kautando chini ya ulimi kakiwa kafupi kanaweza kumsumbua kunyonya, na baadaye labda kutamka herufi kama r au l, lakini hakamfanyi mtoto akose maneno. Mtoto mwenye ulimi mzito angeongea vibaya, asingenyamaza.

Alafu hiyo hesabu ya matano naitilia shaka. Ulipokuja Pasaka nilimsikia anasema "nyau" kila paka akipita, na "aji" akitaka maji. Uliyahesabu hayo? Neno la mtoto si lazima liwe safi, ila liwe na maana moja kila akilisema. Ndo tofauti na ile "bababa" ya miezi 7, pale alikuwa anafanyia mdomo mazoezi tu, hata baba yake akiwa safarini alikuwa anaiimba. Na Kiswahili maneno yetu marefu, watoto wengi wanashika mkia wa neno maana ndo sauti inapokazwa, "chungwa" inabaki "ungwa", sasa ukisubiri neno zima utasema hajui kitu. Ya Kichaga ya bibi yake mwingine nayo hesabu, lugha mbili hazimcheleweshi mtoto, watu wanasema tu. Chukua daftari uandike siku tatu kila neno, hata la ovyo.

Ila cha kwanza kabisa masikio. Mdogo wako umesahau, alifika miaka miwili hana maneno kumi, na hospitali tuliyompeleka mara ya kwanza wakaniambia wavulana huchelewa nirudi nyumbani. Nikakubali, maana mlango ukigongwa alikuwa anageuka. Kumbe sikio lilikuwa na majimaji nyuma ya ngoma, bila usaha wala homa, yani mtoto anasikia kishindo lakini maneno anayasikia kama wewe ukiwa na kichwa ndani ya ndoo. Hapo hawezi kuiga sauti ambayo haimfikii vizuri. Kwa hiyo usijipimie nyumbani kwa kupiga makofi, nenda kwa wanaopima usikivu, hasa kama mafua hayamwishi.

Sasa kazi ya nyumbani. Nilikuona siku ile Imani amesimama kwenye friji anakuvuta kanga, we hujamwangalia hata, ukamimina maji ukampa. Sasa aseme ya nini na huduma imefika? Safari nyingine chuchumaa uso wako uwe mbele ya wake, shika kikombe, sema "maji?" alafu nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi, utaona ni ndefu kweli, sisi wakubwa tukifika mbili tushajibu wenyewe. Akisema "aji" mpe hapohapo, umwongezee neno moja: "maji baridi." Usimsahihishe. Akinyoosha kidole tu pia mpe na umtajie neno, usimfiche kikombe mpaka alie, akilia hajifunzi kitu. Na yale ya "sema shangazi, sema gari, hii nini?" yaache, mtoto anaona anafanyiwa mtihani anafunga mdomo. Taja kile anachokitazama yeye wakati huo, akikodolea kuku zungumzia kuku. Na tivi zima, katuni haimsubiri ajibu.

Wapo wengi wanaochelewa wakaja kuwafikia wenzao bila tiba, ila huwezi kujua mapema wako ni yupi, kwa hiyo usikae unasubiri tu. Akitimiza miaka miwili bado hajafika kama maneno 50, au haunganishi mawili ya kwake kama "mama njoo", mpeleke kwa mtaalamu wa usemi. Na usingoje huo umri ukiona haonyeshi vitu kwa kidole, haitiki jina lake, au maneno aliyokuwa nayo yanapotea. Hilo la mwisho ndo linanitisha kuliko uchache. Imani mi nimemwona ukimwambia "lete kiatu cha baba" analeta cha baba kweli, kwa hiyo kuelewa anaelewa, na hiyo ni dalili nzuri.

Jumamosi nikipiga simu usimwekee sikioni ukamlazimisha "mwambie bibi shikamoo". Weka spika, mwache acheze karibu, mi nitamlilia kama paka nione atasemaje. Na daftari liwe mkononi.

Mama