Majaribio hotelini yanaongezwa tu

"Nafanya usafi hotelini hapa Kigoma. Kila miezi mitatu wananiongezea majaribio. Sheria inasemaje?"

Pole dada. Kanuni za Utendaji Bora (Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007) zinataka majaribio yasizidi miezi kumi na miwili. Kuongeza kunaruhusiwa kama hujapimwa vizuri au unahitaji muda kufikia kiwango, ila baada ya kushauriana nawe. Kukusukumia karatasi usaini ukiwa na shuka mkononi si kushauriana.

Binamu yangu wa Ujiji yalimkuta hayohayo. Aliandika barua akiuliza ni kazi gani haijaridhisha, akabaki na nakala iliyogongwa mhuri. Hawakuwa na jibu, wakamthibitisha.

Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haiwahusu walio na chini ya miezi sita kazini, na Mahakama ya Rufani imewahi kuamua kuwa aliye kwenye majaribio hana haki zote za aliyethibitishwa. Wakikufukuza, fungua shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30.