Kwa nini dola 130 zangu zilipunguza deni kwa dola 58 tu

Nilikopa dola 1,200 katika koperative moja ya akiba na mikopo hapa Bukavu ili kuongeza mzigo wa maharagwe ninayouza Kadutu. Mkataba ulinitaka nirudishe kapitali ya dola 100 kila mwezi kwa miezi 12, pamoja na riba ya asilimia 3 ya kapitali iliyobaki. Mwezi wa kwanza nililipa dola 136, wa pili 133, na deni likabaki dola 1,000.

Mwezi wa tatu mzigo ulikwama njiani, nami sikulipa kitu. Mwezi wa nne nilipeleka dola 130, nikiamini kwamba deni litashuka hadi dola 900, lakini karani aliandika 942. Nilimshuku, mpaka aliponionyesha kifungu cha mkataba kinachosema kwamba kila malipo huanza kufidia adhabu, kisha riba, na kinachosalia ndicho huingia kwenye kapitali. Adhabu ya kuchelewa ilikuwa dola 12, na riba ya miezi miwili dola 60, kwa kuwa kapitali haikuwa imepungua hata kidogo. Zikabaki dola 58. Hakukuwa na ujanja hapo: hata sheria ya Kongo kuhusu mikataba, ya tarehe 30 Julai 1888, haimruhusu mdaiwa kutanguliza kapitali mbele ya riba bila idhini ya anayemdai.

Jambo ambalo wengi hatulioni ni linalofuata. Kufikia siku hiyo nilitakiwa kuwa nimerudisha kapitali ya dola 400, nami nilikuwa nimerudisha 258, kwa hiyo malimbikizo yangu yalikuwa dola 142. Kwa mkataba wangu adhabu ya dola 12 hutozwa kila mwezi ambao malimbikizo yapo, hata ukiwa umelipa kitu. Kama mwezi wa tano ningepeleka dola 100 na riba ya dola 28.26 peke yake, adhabu ingechukua 12 kwanza, kapitali ingepata 88, na malimbikizo yangepanda hadi 154. Ningekuwa ninalipa bila kukosa huku nikizidi kurudi nyuma.

Kwa hiyo ukichelewa, usiulize tu malipo ya mwezi huu ni kiasi gani. Uliza ni kiasi gani kitakachomaliza malimbikizo yote, na udai risiti inayotenganisha adhabu, riba na kapitali, kwa maana risiti yenye jumla pekee haikuonyeshi chochote. Mimi niliwaomba wenzangu wa likelemba, kikundi chetu cha kuchanga pesa na kupokea kwa zamu, wanipe zamu mapema (mmoja alinung'unika, na alikuwa na haki), nikapeleka dola 282.26: adhabu 12, riba 28.26, kapitali 242. Salio likawa dola 700, sawasawa na lililoandikwa kwenye jedwali la malipo kwa mwezi wa tano.